Sabato katika nyumba ya Kiyahudi: mwongozo wa kuivuka kuanzia Alhamisi hadi nyota za Jumamosi

Nilifanya kazi ya kumtunza bibi mmoja wa Kiyahudi kaskazini mwa London kwa miaka sita. Ijumaa yangu ya pili katika nyumba ile, usiku watu walipokwisha kula na kwenda kulala, nilipita jikoni nikakuta bamba la umeme linawaka, na juu yake sufuria zito lenye kifuniko. Nikafikiri limesahauliwa. Nikalizima ukutani, nikafuta meza, nikaenda zangu kulala nikijiona mtu makini. Kumbe nilikuwa nimezima chakula cha mchana cha watu wanane.

Asubuhi bibi aligusa kifuniko kwa kiganja, akanitazama. Nilipomwambia ni mimi, nikanyosha mkono niwashe tena, akaushika mkono wangu akasema, "Mwanangu, usiwashe. Liache." Siku hiyo wajukuu wake walikula samaki baridi, mayai na mkate. Hakuna aliyenikemea, lakini niliumia, nikaamua nitaijua Sabato hii hatua kwa hatua. Haya ninayoandika ndiyo niliyotamani mtu angenieleza siku ile. Yatamfaa yeyote atakayeishi, kufanya kazi au kualikwa katika nyumba inayoishika Sabato kikamilifu. Wako Wayahudi wengi wanaoishika kwa wepesi zaidi, wanaoendesha gari na kuwasha taa, na kwao utaratibu ni mwingine. Wala usipime kwa Wasabato tunaowajua Afrika Mashariki. Siku ni ileile, sheria sizo.

Kwanza, elewa maana ya kazi

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea, kwa sababu tunadhani kazi ni jasho. Katika nyumba ile nilimwona kijana akibeba kiti kizito kutoka chumba hiki hadi kile siku ya Sabato, na hakuna aliyesema neno. Lakini kubonyeza swichi kwa kidole kimoja, hapana. Kinachokatazwa kinaitwa melakha, na si uchovu. Ni kile kitendo cha kuumba, cha kukigeuza kitu kiwe kitu kingine.

Orodha yake iko katika Mishna, mkusanyo wa sheria za Kiyahudi uliokamilishwa yapata mwaka 200, na pale idadi imeandikwa kwa namna tunayoijua sana sisi: arobaini kasoro moja. Marabi waliipata kwa kuona kwamba katika kitabu cha Kutoka amri ya Sabato imewekwa ubavuni mwa maelezo ya kulijenga hema takatifu jangwani. Wakasema basi kazi zilizohitajika kwa hema lile ndizo zinazosimama siku ya saba, hata kama ujenzi wenyewe ni wa Mungu.

Kumi na moja za mwanzo mtu wa kwetu anazielewa bila mwalimu, maana ni safari ya nafaka kutoka shambani hadi mezani: kupanda, kulima, kuvuna, kufunga miganda, kupura, kupepeta, kuchambua, kusaga, kuchekecha, kukanda na kuoka. Zinafuata za nguo, kuanzia kukata manyoya ya kondoo hadi kusokota, kufuma, kushona na kufunga fundo. Kisha za ngozi, na pamoja nazo kuandika na kufuta. Mwisho kujenga na kubomoa, kuwasha moto na kuuzima, kulikamilisha jambo kwa pigo la mwisho la nyundo, na kubeba kitu kutoka nyumbani kukitoa njiani.

Usijaribu kuzikariri zote. Ukijua vizuri tatu, yaani moto, kuchambua na kubeba, utakuwa umeelewa sehemu kubwa ya yale utakayoyaona nyumbani.

Alhamisi: loweka, nunua, hesabu saa

Sabato inaanza Ijumaa kabla jua halijazama, na sisi watu wa pwani hilo halitusumbui. Bibi zetu waliposema usiku wa Ijumaa walimaanisha ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, na saa zetu mpaka leo zinaanza kuhesabiwa magharibi. Wayahudi wanahesabu siku vivyo hivyo.

Kazi ya kwanza basi ni kujua saa. Mishumaa huwashwa dakika 18 kabla ya jua kuzama katika miji mingi, na dakika 40 Yerusalemu. Jijini Nairobi, au kwa Abayudaya, jamii ya Wayahudi waliopo vilimani karibu na Mbale huko Uganda tangu mwaka 1919, saa hiyo haibadiliki sana mwaka mzima. London ni balaa. Mwezi wa Juni mishumaa inaweza kungoja hadi saa tatu na dakika chache usiku, ndiyo maana familia zenye watoto huipokea Sabato mapema kuliko lazima. Desemba inawashwa karibu saa tisa na nusu alasiri. Mtu anayetoka kazini saa kumi na moja jioni hawezi kufika, na mabosi huambiwa mapema. Chapisha ratiba ya saa, ibandike jikoni. Wao nyumba nyingi wanayo tayari ukutani.

Alhamisi usiku loweka maharage, maana chakula cha Jumamosi mchana kinaanzia hapo. Kinaitwa cholenti kwa Wayahudi wa asili ya Ulaya, na hamini kwa wengi wa asili ya Mashariki na Uhispania. Kwa watu wanane bibi alikuwa akitumia nyama ya ng'ombe kilo moja na zaidi kidogo, kikombe na nusu cha maharage, kikombe cha shayiri, viazi vinane vilivyokatwa nusunusu, vitunguu viwili vikubwa na paprika.

Ijumaa asubuhi: kila kitu kinachotaka moto

Jambo la kwanza kwa sisi tusio Wayahudi: usiwashe jiko peke yako ukapika. Chakula kilichopikwa bila mkono wa Myahudi kabisa kina masharti yake, na katika nyumba ile ilitosha bibi mwenyewe awashe moto, mimi niendelee. Muulize mwenye nyumba, usikisie.

Kaanga vitunguu na nyama, tia maharage, shayiri na viazi, mimina maji yapite juu ya vitu vyote kwa vidole viwili, kisha chemsha kwa saa mbili hivi. Sheria inadai kiwe kimeiva angalau nusu kabla ya magharibi, ili mtu asishawishike kuuchochea moto usiku. Sisi tulikiivisha kabisa. Baada ya hapo sufuria huhamishiwa kwenye bamba la umeme lisilo na kitufe cha kuongeza wala kupunguza moto. Nyumba nyingine wanatandika karatasi nene ya chuma juu ya jiko la gesi lenye moto mdogo, na vitufe hufunikwa. Chakula hukaa hapo usiku kucha, saa kumi na nane na zaidi, kikigeuka rangi ya hudhurungi. Usikiite kiporo. Kiporo kilipoa, hiki hakikupoa hata mara moja, labda siku ile niliyokizima mimi.

Kinachoharibika mara nyingi ni maji. Yakiwa machache, Jumamosi unakuta kimeganda chini na harufu ya kuungua imejaa nyumba, na huwezi kuongeza maji baridi wala kukoroga juu ya moto. Jaribio ni hili: saa moja kabla ya mishumaa, inamisha sufuria kidogo. Mchuzi ukitembea juu ya vitu, uko salama. Usipotembea, ongeza maji yanayochemka wakati huo huo.

Birika kubwa la umeme la chai nalo lijazwe na lichemke kabla. Chemsha kikombe cha chai nzito kama dawa, weka kando. Utaona faida yake kesho.

Ijumaa alasiri: zunguka nyumba nzima

Saa moja kabla ya mishumaa tulikuwa tukianzia mlangoni tukaishia jikoni, chumba baada ya chumba. Taa ya choo iachwe inawaka hadi kesho. Taa za sebuleni ziunganishwe na taima, ile soketi yenye saa, iliyopangwa kuzima saa tano usiku na kuwasha tena asubuhi. Kupanga kabla kunaruhusiwa, kwa sababu mtu hafanyi kitu Sabato yenyewe. Karatasi za chooni zichanwe vipande vitiwe kwenye boksi, maana kuchana kumo katika zile arobaini kasoro moja. Simu zizimwe, pamoja na kalamu na pesa ziwekwe kwenye droo. Vitu visivyo na kazi ya ruhusa siku hiyo havishikwi hata kuhamishwa.

Na friji. Hili ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Ukiifungua, balbu ya ndani inawaka, na kuwasha umeme ni kazi. Kwa hiyo Ijumaa unatoa balbu, au unabana kile kitufe cha mlangoni kwa selotepu hadi taa izime mlango ukiwa wazi. Familia ikisahau, friji haifunguliwi na wao mpaka Jumamosi usiku, na maziwa ya mtoto yamo ndani. Fungua na kufunga mara mbili, ukiangalia kwa macho yako.

Mwenye nyumba anapowasha mishumaa, kwa kawaida mama, anapunga mikono kuuelekea mwanga mara tatu, anafunika macho, anasoma baraka. Kuanzia hapo nyumba imeingia.

Ijumaa usiku mezani

Bibi alikuwa na mwanawe mmoja karibu, na wajukuu watano. Walikuja kwa miguu. Kuendesha gari ni kuwasha moto ndani ya injini, kwa hiyo mtu anayeshika Sabato hununua nyumba mahali anapoweza kutembea hadi sinagogi, na wenzake hivyo hivyo, na mwishowe mtaa mzima unakuwa wa watu wanaofikiana kwa miguu. Golders Green na Stamford Hill, mitaa ya London, zimejengeka hivyo. Kwangu hilo lilieleza mengi kuhusu familia hizi kuliko kitabu chochote: mjukuu anakaa mitaa mitatu kutoka kwa bibi yake kwa sababu Jumamosi hakuna gari.

Kabla ya kula, baba anaweka mikono miwili juu ya kichwa cha kila mtoto. Kwa wavulana anaomba Mungu awafanye kama Efraimu na Manase, kwa wasichana kama Sara, Rebeka, Raheli na Lea. Yule kijana mkubwa, mrefu kuliko baba yake, ilimbidi ainame. Niliona jambo lile kila wiki kwa miaka sita, na kila wiki baba aliongeza neno la chinichini sikioni mwa mtoto ambalo wengine hatukulisikia. Kisha kikombe cha divai kinabarikiwa, mikono inanawishwa, mkate unafunuliwa. Mikate ni miwili iliyosukwa kama nywele, inaitwa hala, kwa kumbukumbu ya mana iliyoshuka jangwani maradufu siku ya sita.

Ukiwa mgeni, baada ya kunawa mikono usiwasemeshe. Kati ya kunawa na kuonja mkate wananyamaza. Mara ya kwanza nilidhani wamekasirika.

Jumamosi: chai, saladi na kigari cha mtoto

Chai ilinichanganya kuliko kitu chochote. Kumimina maji moto juu ya majani ni kupika. Njia ya nyumba ile ilikuwa hivi: mimina maji kutoka birika kwenye kikombe kikavu, hamishia kwenye kikombe cha pili, halafu tia ile chai nzito iliyopikwa jana. Kila chombo kinapunguza nguvu ya maji, na majani yenyewe yalishapikwa Ijumaa. Bomba la maji moto usilifungue kwa ajili yao. Ukitoa maji moto, maji baridi yanaingia kwenye tangi na kuanza kuchemshwa.

Kuchambua ni sheria ya mezani. Mtu wa kwetu akisikia kuchambua anaona ungo, mchele, na mawe madogo yanayotupwa nje. Ndicho hasa kilichokatazwa: kutoa kibaya ukabakiza kizuri. Kinachoruhusiwa ni kinyume chake, kuchukua kizuri ukaacha kibaya, kwa mkono bila chombo maalumu, na kwa kula sasa hivi. Bakuli la saladi likiwa na zeituni zilizooza, hatoi zilizooza, anachota nzuri anazotaka. Nilimwona mjukuu wa miaka sita akifikia zeituni mbovu, akasita, akageuza kidole kwenda kwenye nzuri. Hakuna aliyemkumbusha. Na samaki wenye miiba ni taabu, ndiyo maana wengi hula samaki aliyesagwa akaviringwa tangu Ijumaa.

Kubeba nako kunagusa familia zenye watoto wachanga. Kutoa kitu nyumbani kwenda barabarani hairuhusiwi, na kigari cha mtoto ni kitu. Mama mwenye mtoto asiyetembea hubaki ndani siku nzima, wiki baada ya wiki, isipokuwa mtaa uwe na eruvi. Hiyo ni mipaka ya nguzo, nyuzi, kuta na uzio inayolizunguka eneo na kulifanya, kisheria, kama ua mmoja. Kaskazini-magharibi mwa London ilizinduliwa mwaka 2003 baada ya mabishano ya miaka mingi, ikizunguka Hendon, Golders Green na Finchley. Hukaguliwa kila wiki, maana uzi ukikatika sehemu moja eneo lote limefunguka. Kwa hiyo Ijumaa uliza: eruvi iko salama? Jibu likiwa hapana, hata ufunguo hauingii mfukoni. Na si kila Myahudi anaikubali eruvi, kwa hiyo uliza na mama mwenyewe anafuata nini.

Wewe usiye Myahudi ufanye nini

Amri haikukufunga wewe. Lakini pia wao hawaruhusiwi kukutuma ufanye kazi ambayo wenyewe hawaifanyi, na Torati inataja mtumishi na mgeni kuwa nao wapumzike. Mishna inatoa mfano wa taa: asiye Myahudi akiwasha kwa haja yake, Myahudi anaweza kuutumia mwanga ule, akiwasha kwa ajili ya Myahudi, hawezi. Ndiyo maana bibi aliushika mkono wangu asubuhi ile. Ningewasha bamba kwa ajili yao, chakula kisingelika.

Kwa hiyo kwa wema wako usikimbilie kuwasha na kuzima. Unataka kusoma chumbani kwako, washa. Taa ya sebuleni imezima na hujatumwa, iache.

Mgonjwa ni habari nyingine, na hapa mtunzaji lazima ajue kabisa. Kwa mtu aliyelala kitandani mgonjwa, au baridi kali, au haja ya mtoto mdogo, unaweza kuombwa waziwazi: washa kipasha joto, pasha uji. Na maisha yakiwa hatarini hakuna Sabato hata kidogo. Talmudi, mkusanyo wa mijadala ya marabi juu ya Mishna, inasema ivunje Sabato moja kwa ajili yake ili apate kuzishika Sabato nyingi. Usiku mmoja bibi alishikwa na maumivu ya kifua. Mwanawe, mtu ambaye sijawahi kumwona akigusa swichi siku hiyo, aliifikia simu kabla yangu, akapiga 999 mwenyewe na akapanda ambulensi pamoja naye. Baadaye niliuliza kwa nini hakuniachia mimi nipige. Akajibu kuwa kumtafuta mtu mwingine kungepoteza sekunde, na sheria yenyewe inamtaka aliye karibu afanye.

Jumamosi usiku: kutoka

Sabato inaisha zinapoonekana nyota tatu za ukubwa wa wastani, jumla saa 25 hivi tangu mishumaa. London yenye mawingu wanafuata ratiba. Ibada ya kutoka inaitwa havdala: kikombe cha divai kilichojazwa hadi kumwagika, kisanduku cha karafuu na mdalasini kinachopitishwa pua kwa pua, na mshumaa uliosukwa wenye tambi zaidi ya moja. Watu wanaunyoshea vidole, wanatazama mwanga ukicheza juu ya kucha, kwa sababu huo ndio moto wa kwanza wa wiki. Mtoto mdogo ndiye huushika, na katika nyumba ile waligombania. Unazimwa ndani ya divai, tsss, na wote wanatakiana wiki njema.

Karafuu zile nilizitambua kabla sijaambiwa. Bibi aliposikia kuwa zinatoka kwetu, Pemba na Unguja, kila Jumamosi alianza kunipa mimi kisanduku kwanza.

Kisha kazi zinarudi zote kwa pamoja. Vyombo vilivyorundikana vioshwe, bamba lichomolewe likiwa bado na joto kidogo, taima zitolewe kwenye soketi. Simu ikiwashwa inalia kwa dakika nzima, na bibi kwanza alikuwa akimpigia binti yake aliye mbali kumwuliza nani alikuja mezani. Wakati wakizungumza, mimi nilikuwa jikoni nikibandua selotepu kwenye friji.